Namna ya kuandika matamshi ya majina kwenye rejista kwa alama za fonetiki, hatua kwa hatua

Tuanze na herufi mbili tu, th. Kwenye rejista ya darasa moja la Nairobi ama Mombasa unaweza kukuta Thomas, Thuwaiba na Muthoni wamefuatana, wote wana th, na hizo th tatu hazifanani hata kidogo. Ya Thomas ni t ya kawaida, ya Thuwaiba ni ile ya thelathini, ya Muthoni ni dh ya dhahabu kwa sababu Kikuyu huandika sauti hiyo kwa th. Mwalimu mgeni akisoma majina asubuhi hana njia ya kujua, karatasi haimwambii. Ndo hapo kolamu moja ya fonetiki inaokoa watu, na si lazima uwe umesomea isimu, alama kumi na kitu zinakutosha kwa majina mengi ya huku kwetu.

Alama zenyewe ni za alfabeti ya fonetiki ya kimataifa, ile utaiona kwenye simu na kompyuta ikiandikwa IPA. Chama kinachoitunza kilianzishwa Paris mwaka 1886, na kanuni yao kubwa ni rahisi: sauti moja alama moja, popote ilipo, iwe ni jina la Kijaluo, la Kiarabu au la Kifaransa. Kwa hiyo th zetu tatu zinakuwa [t], [θ] na [ð] na mjadala umeisha.

Hatua ya 1: tenga kolamu yake, usiguse jina

Jina kwenye rejista linabaki kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, herufi kwa herufi, hata kama limekosewa. Ukianza kuchomeka alama za fonetiki ndani ya jina lenyewe utaharibu utafutaji, utaharibu mpangilio wa alfabeti, na siku ya usajili wa mtihani jina litagoma kufanana na la cheti. Ongeza kolamu mbili pembeni: moja ya matamshi, nyingine ya chanzo, yani nani amethibitisha, mwenyewe, mzazi, au bado. Hiyo ya chanzo watu huidharau lakini ndo inakuambia ni mistari gani umebahatisha na ipi imesikika mdomoni kwa mtu.

Kitu kimoja cha kuepuka hapo: usiandike kabila la mtu kama kumbukumbu ya "linasomwa Kikuyu" au "linasomwa Kisukuma". Rejista inapita mikono mingi na ukishaandika sauti zenyewe huna haja tena ya kujua mtu katoka wapi.

Hatua ya 2: msikilize mwenyewe

Mwombe aseme jina lake mara tatu. Kwanza lenyewe peke yake, pili ndani ya sentensi ya kawaida kama "mimi naitwa fulani", tatu polepole akilikata silabi kwa silabi. Ile ya pili ndo ya kuamini zaidi, mana mtu akiambiwa sema jina polepole huanza kusoma maandishi yaliyo kichwani badala ya kusema vile anaitwa nyumbani. Hiyo ya polepole inakusaidia tu kuhesabu silabi.

Na hapa kuna jambo la msimamo. Unaandika anavyojiita yeye, si vile lugha ya ukoo wake "ingetakiwa" kutamka. Muthoni aliyekulia Mombasa na nyumbani wanaongea Kiswahili anaweza kujiita [muˈðɔni] kabisa, na binamu yake wa Nyeri akajiita [moðɔni]. Wote wako sawa. Ukimsahihisha wa Mombasa kwa kuwa umesoma sarufi ya Kikuyu basi umerudi kulekule, rejista inamwambia mtu jina lake.

Hatua ya 3: konsonanti

Habari njema ni kwamba herufi nyingi tunazotumia kwenye Kiswahili zinabaki vilevile: p, b, t, d, k, m, n, f, v, s, z, h, l, w. Zinazobadilika ni hizi, na nimezipa neno la Kiswahili la kushikia:

- [ŋ] ni ng' ya ng'ombe, na [ŋɡ] ni ng ya ngoma
- [ɲ] ni ny ya nyumba
- [ʃ] ni sh ya shule, [tʃ] ni ch ya chai
- [dʒ] ni j ya jina
- [θ] ni th ya thelathini, [ð] ni dh ya dhahabu
- [ɣ] ni gh ya ghali, [x] ni kh ya Kiarabu kama Khalid anavyojiita mtu anayeikaza
- [ɾ] ni r yetu ya kugonga ulimi mara moja
- [j] ni y ya yai

Hiyo ya mwisho irudie mara mbili kichwani kwa sababu inawaponza karibu wote wanaoanza. Alama [j] ni sauti ya Y. Ukiandika Juma kama [juma] umeandika Yuma. Juma ni [dʒuma], Yusuf ndo [jusuf]. Na [y] kwenye fonetiki ni kitu kingine kabisa, ni ile u ya Kifaransa ya kubana midomo. Vilevile [c] peke yake si ch. Ukipitia rejista iliyojazwa na mtu mwingine tafuta kwanza [y] na [c], zikiwepo kwenye majina ya huku karibu kila mara ni makosa.

Ng' ndo inastahili muda wako zaidi, mana mifumo mingi ya kompyuta huidondosha ile alama ya ritifaa. Ng'ang'a anaingia kama NGANGA, Achieng' anakuwa ACHIENG, na baada ya miaka miwili hakuna anayekumbuka. Kwenye matamshi tofauti haijifichi: [ŋaŋa] dhidi ya [ŋɡaŋɡa]. Ukisikia hakuna g yoyote inayopasuka nyuma ya koo, ni ŋ peke yake.

Tanzania nako kuna mh ya Kisukuma, mfano jina Mhoja. Wengi tunalisoma kama M-ho-ja, silabi tatu, lakini anayelitamka Kisukuma hutoa m yenye pumzi bila ghuna, ulimi na midomo viko pa m ila sauti ya kooni imezimwa. Alama yake ni m yenye kiduara chini, [m̥]. Usiichanganye na m yenye kistari chini, [m̩], ambayo ni m inayosimama kama silabi yake yenyewe, kama ya Mkapa, [m̩ˈkapa]. Ukiacha hicho kistari mgeni asiyejua Kiswahili atajaribu kubana mk kwa pamoja, au atachomeka irabu aseme Mukapa.

Kwa ofisi zenye watu wa Kongo au Burundi, tahajia ya Kifaransa inakuchezea tu macho. Djuma na Juma ni [dʒuma] wote wawili, na tsh ya Tshisekedi ni [tʃ] yetu ya chai. Hapo fonetiki inafanya kazi rahisi sana, majina mawili yaliyoonekana tofauti yanakaa sawa.

Hatua ya 4: irabu

Kama mtu anajiita kwa Kiswahili irabu ni tano na huna shida: [a], [ɛ], [i], [ɔ], [u]. Ndio, e yetu ya wewe na o yetu ya moto ni zile zilizofunguka, [ɛ] na [ɔ].

Ugumu unakuja kwenye lugha zenye irabu saba, na Kikuyu ni mfano mzuri kwa sababu maandishi yake sanifu yanaonyesha: ĩ na ũ zenye kiwimbi juu. ĩ ni [e], iko katikati ya i na e ya Kiswahili, ũ ni [o], iko katikati ya u na o. Sasa angalia jina la mwandishi Ngũgĩ. Kwa jicho la Kiswahili ni Ngugi, i na u za kawaida. Kwa Kikuyu ni [ŋɡoɣe], na hata ile g ya pili ni [ɣ], yani gh. Hakuna irabu hata moja uliyodhania. Na vile vyeti vingi havina kiwimbi, huwezi kuijua kwa kutazama, ni sikio tu.

Namna ya kutofautisha ukiwa huna uhakika: mpe mwenyewe machaguo. Sema jina kwa i kabisa, alafu kwa e ya wewe, akikataa zote mbili na kusema iko katikati, basi ni [e]. Fanya hivo hivo kwa u na o. Usimuulize "ni irabu gani", watu wengi hawafikirii jina lao kwa irabu, lakini kukataa lililokosewa kila mtu anaweza.

Irabu ndefu tia [ː] baada yake. Kwenye Moraa kwa mfano ile aa ni a moja inayovutwa, ukiandika [aː] mgeni hawezi kuikata mbili. Zingatia hiyo si nukta mbili za kawaida za kibodi, ni vipembe viwili vidogo vinavyotazamana. Kwa macho zinafanana, kwa kompyuta ni vitu viwili tofauti na utafutaji utashindwa.

Hatua ya 5: mkazo, na toni ukitaka

Mkazo unawekwa kwa [ˈ] KABLA ya silabi inayokazwa, si baada. Kwa Kiswahili kawaida ni silabi ya pili kutoka mwisho kwa hiyo unaweza kujiuliza kwa nini uandike. Andika, mana majina yenye asili ya Kiarabu yanatofautiana mtu na mtu. Thuwaiba mmoja atasema [θuˈwajba], silabi tatu na mkazo kwenye wai, mwingine atasema [θuwaˈiba], silabi nne na mkazo kwenye i. Ukimwita wa kwanza kwa namna ya pili ataitika lakini ataona umemkosea.

Kikuyu na Kijaluo zina toni, yani kupanda na kushuka kwa sauti, na toni ni sehemu ya jina kweli. Alama zipo, [á] ya juu na [à] ya chini. Maoni yangu ni kwamba kwenye rejista ya kawaida uziache, kwa sababu asiyezoea kusikia toni ataziweka ovyo na toni iliyokosewa ni mbaya kuliko isiyoandikwa. Kwa majina hayo sijaweka hata mkazo, ndo mana [moðɔni] haina [ˈ] lakini [muˈðɔni] inayo. Kwa hiyo jua kwamba ulichoandika kinamfikisha msomaji karibu sana na jina ila si palepale kabisa. Kama kuna mwalimu au mwenzenu anayeijua lugha hiyo vizuri, mwachie yeye aongeze.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Rejista inasema MUTHONI NGANGA. Mwenyewe anasema jina ndani ya sentensi. Unasikia silabi tatu, kisha mbili: mu-tho-ni, nga-nga.

Konsonanti kwanza. M ni [m]. Th unaisikia ina ghuna, ukimwomba aivute unasikia koo linanguruma, basi ni [ð], ingekuwa hewa tupu ungeandika [θ]. N ni [n]. Kwenye jina la pili hakuna g inayopasuka, kwa hiyo [ŋ] mara mbili, na ushajua kwamba cheti kilidondosha ritifaa.

Irabu sasa. Unamwambia "ni Muthoni?" kwa u ya mtu, anatingisha kichwa. "Mothoni?" kwa o ya moto, anacheka, hapana. Iko katikati: [o]. Ile ya tho anaikubali kama ya moto, [ɔ]. Mwisho [i]. Jina la pili [a] zote. Unapata [moðɔni ŋaŋa]. Unamsomea kutoka kwenye karatasi, si kutoka kwenye kumbukumbu ya sikio lako, anakubali, unajaza "mwenyewe" kwenye chanzo.

Tumia mabano mraba [ ] siku zote kuzungushia. Mistari ya mlazo / / wanaisimu huitumia kwa kazi nyingine, na wewe unaandika kilichosikika.

Hatua ya 6: kuchapa kwenye kompyuta

Kwenye Word ya Windows unaandika namba ya alama alafu unabonyeza Alt+X, inageuka. Hizi ndo utakazotumia sana:

```
014B ŋ    0272 ɲ    0261 ɡ
00F0 ð    03B8 θ    0263 ɣ
0283 ʃ    0292 ʒ    027E ɾ
025B ɛ    0254 ɔ
02C8 ˈ    02D0 ː
0329 kistari cha chini (m̩)
0325 kiduara cha chini (m̥)
```

Kuna mtego. Word husoma pia a, b, c, d, e, f kama sehemu ya namba. Ukiandika d kisha 0292 ukitaka dʒ, inaona d0292 na inakosa kukupa ʒ. Kwa hiyo chagua zile tarakimu nne peke yake kwa mausi au shift na mishale, alafu Alt+X. Ukiwa kwenye jina lenye a kabla ya ŋ ni hivo hivo.

Excel haina hiyo Alt+X. Andika kwenye Word ukopi, au tumia fomula, mfano hii inaleta ŋ:

```
=UNICHAR(331)
```

Kwangu mimi njia isiyo na usumbufu ni kuweka alama zote kwenye mstari wa kwanza wa karatasi ya pili ya faili na kukopi kutoka hapo.

Kabla hujajaza hata jina moja jaribu mfumo wenu. Chapa [ŋɲðθɣʃʒɛɔɾˈː] kwenye kolamu, hifadhi, funga, fungua tena, alafu printi. Ukiona viboksi vitupu kwenye karatasi shida ni fonti, weka Charis SIL au Doulos SIL, zote ni za bure na zina alama zote. Angalia pia kama mfumo unageuza kila kitu kuwa herufi kubwa, mana [ð] inakuwa Ð na [ɛ] inakuwa Ɛ, na fonetiki haina herufi kubwa. Kama huwezi kuuzima huo ugeuzaji, basi hiyo kolamu haifai, tafuta nyingine, hata ya "maelezo".

Hatua ya 7: kuhamisha faili bila kupoteza

Hapa ndo kazi ya wiki nzima inapotea kwa dakika. Ukitoa orodha kwenye Excel kwenda mfumo mwingine chagua "CSV UTF-8 (Comma delimited)", si ile "CSV (Comma delimited)" ya kawaida. Faili iwe hivi:

```
jina,matamshi,chanzo
MUTHONI NGANGA,[moðɔni ŋaŋa],mwenyewe
THUWAIBA SAID,[θuˈwajba saˈid],mwenyewe
THOMAS ODHIAMBO,[ˈtɔmas oðiambo],bado
```

Ukifungua upande wa pili na kuona Å‹ mahali pa ŋ, au Ã° mahali pa ð, usiogope na usianze kufuta. Data iko salama, programu imeisoma tu kwa usimbaji usio wake. Ifunge bila kuhifadhi, alafu iingize upya kupitia menyu ya Data, From Text/CSV, na pale kwenye File Origin chagua 65001: Unicode (UTF-8). Lakini ukiona alama za kuuliza, [moð?ni ?a?a], hizo zimeshafutika kweli, ilihifadhiwa kwa CSV ya kawaida na hakuna kurudisha isipokuwa kutoka nakala ya zamani. Ndo mana faili la asili linabaki la .xlsx na CSV ni ya kusafirisha tu.

Hatua ya 8: msomaji ambaye hajasikia

Bandika ule ufunguo wa hatua ya 3 kwenye jalada la ndani la rejista, ukiwa na maneno yake ya ng'ombe na thelathini, mana mwalimu wa zamu hana muda wa kutafuta kitu kwenye simu huku watoto wanamtazama. Ongeza mistari miwili ya [e] na [o] za katikati.

Alafu mpe rejista mtu ambaye hajawahi kukutana na hao watu, asome majina kwa sauti wenyewe wakiwepo. Kila jina linalokwama weka alama ya penseli. Mara nyingi utaona yanakwama kwa sababu mbili tu: msomaji amesoma [j] kama ya jina, au wewe umeweka mkazo baada ya silabi badala ya kabla. Ya kwanza unarekebisha kwa kuandika kwa wino mzito kwenye ufunguo kwamba [j] ni y ya yai. Ya pili unarudi kwenye kolamu. Wale wenye "bado" kwenye chanzo, kama Odhiambo hapo juu aliyekuwa hayupo siku hiyo, waulize wiki ya kwanza akirudi, na mtu akikuambia baadaye kwamba sasa anapenda kuitwa vingine, unafuta ya zamani unaandika mpya, hakuna fomu ya kujaza wala cheti cha kuleta.